Mkunga au nyoka wa baharini? Kuza picha nyuma ya kichwa kabla ya kutazama mkia

Mtu wa Kisumu ameenda Watamu au Shimoni, amezamia na kamera ndogo, na amempiga picha mnyama mrefu mwenye mistari akipita mchangani. Kabla hajapanda basi la kurudi, picha imeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa na maneno "nyoka wa baharini". Mmoja anapinga, anasema huyo ni mkunga. Mwingine anauliza kama si kamongo wa maji ya chumvi. Ubishi unachukua siku nzima, na wakati wote huo jibu limo ndani ya picha yenyewe, kwa kawaida katika eneo dogo nyuma ya kichwa ambalo hakuna aliyelikuza.

Tukubaliane majina kwanza. Watu wa pwani humwita mkunga samaki yeyote mrefu mwenye umbo la nyoka, na ndani ya jina hilo moja wamo samaki wa jamii kadhaa. Yuko mkunga wa miamba, yule mnene anayechungulia kutoka kwenye pango la matumbawe huku akiachama. Wako mikunga wa kawaida, wale wa mtoni na binamu zao wa baharini, ambao nyuma ya kichwa wana mapezi mawili kama masikio. Halafu yuko wa aina ya tatu, ambaye ndiye chanzo cha sehemu kubwa ya ubishi: anaishi mchangani, ni mwembamba, na baadhi yao wamevaa mistari kama nyoka kabisa. Hapa tutamwita mkunga wa mchangani. Hao wote ni samaki. Nyoka wa baharini ni mtambaazi, wa ukoo mmoja na swila na koboko. Umbo refu lisilo na miguu limejitokeza kivyake katika koo hizi mbili zilizo mbali sana, kwa hiyo umbo pekee halithibitishi lolote.

Watu wengi huanza na mkia kwa sababu wamesikia kwamba nyoka wa baharini ana mkia kama kasia. Ni kweli, anao. Lakini mkia ndiyo sehemu ya picha inayodanganya kuliko zote, na mara nyingi umefichwa shimoni au umekatwa nje ya fremu. Anza na matamvua.

Mkunga hupumua maji. Maji huingia mdomoni, hupita kwenye matamvua ndani ya kichwa, kisha lazima yapate mahali pa kutokea, nayo hutoka kwa tundu lililo kila upande nyuma ya kichwa. Nyoka hana tundu hilo wala hana kazi nalo. Yeye ana pafu moja refu linaloenea sehemu kubwa ya mwili, na kila baada ya muda hupanda juu kuvuta hewa kupitia puani. Kwa hiyo ukiliona tundu la tamvua kwa uhakika, hata upande mmoja tu, suala la nyoka limekwisha. Hakuna nyoka mwenye matamvua, awe wa baharini au wa nchi kavu.

Tatizo ni kuliona. Sangara na ngege wana kifuniko kikubwa cha mfupa kinachoonekana hata kwa mbali, kile ambacho mama muuza samaki hukiinua kukuonyesha wekundu wa ndani. Mkunga wa miamba hana kifuniko cha namna hiyo. Tundu lake ni la duara na dogo, kama ngozi imetobolewa kwa ncha ya penseli. Ili kulipata, weka kidole kwenye pembe ya mdomo ndani ya picha, kisha fuata ubavu kuelekea nyuma kwa umbali unaokaribia urefu wa mdomo wenyewe au kuzidi kidogo. Mkunga mkubwa kuliko wote wa miamba ya Bahari ya Hindi, anayeweza kufikia mita 3 na ambaye jina lake la kisayansi ni Gymnothorax javanicus, amekusaidia: tundu lake limo ndani ya baka kubwa jeusi, ambalo huonekana hata kwenye picha mbovu. Kwa wengine tundu lina rangi ileile ya ngozi, na unachopaswa kutafuta ni mikunjo midogo ya ngozi inayoelekea mahali pamoja, kama mdomo wa mfuko uliofungwa kwa uzi.

Mwendo wa kupumua nao unafaa kujulikana. Mkunga wa miamba huachama na kufumba mfululizo, na watu hudhani ametishia kuuma, kumbe anasukuma maji kwenye matamvua. Anapoachama, tundu hufunga ili maji yaingie kwa mbele. Anapofumba, tundu hufunguka na maji hutoka. Sasa mpiga picha hupenda wakati mdomo uko wazi na meno yanaonekana, na huo ndio wakati tundu limebanwa. Ukipewa picha tano zilizopigwa mfululizo, tafuta kwanza ile ambayo amefumba mdomo. Na kuachama kwenyewe ni dalili nzuri, kwani nyoka aliye chini ya maji hana sababu ya kuachama kila sekunde chache.

Kutoliona tundu si ushahidi wa nyoka. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imebanwa, na vitu vidogo kama tundu na magamba huwa vya kwanza kupotea. Muombe mwenye picha aitume upya kama Document, kisha uikuze kwenye sehemu ya kichwa. Ikiwa baka au mstari mweusi umepita mahali ambapo tundu linatarajiwa, ongeza mwanga wa sehemu za giza kwa programu ya picha ya simu, maana tundu jeusi ndani ya mstari mweusi halionekani hivihivi. Kumwita mnyama nyoka kunataka dalili ya nyoka inayoonekana, si kukosekana kwa dalili ya samaki.

Dalili hiyo iko mkiani na kwenye ngozi. Mkia wa nyoka wa baharini ni mwili wenyewe uliobanwa kutoka pande mbili ukawa bapa na mpana kwenda juu na chini, na ncha yake ni ya mviringo. Umefunikwa kwa magamba hadi mwisho. Mtu aliyeona kasia la mitumbwi ya Dunga, kando ya Ziwa Victoria, anaielewa picha hii: mpini unakuja mwembamba kiasi, kisha ghafla bapa lenyewe linaanza. Neno "ghafla" ndilo la kushika. Mkunga wa miamba naye ana mkia uliobanwa pande mbili, na ukitazamwa ubavuni pamoja na pezi linalouzunguka unaweza kuonekana kama kasia. Lakini wake unapungua polepole kuanzia katikati ya mwili hadi ncha, na pembeni kuna utando mwembamba, mara nyingi wenye kupitisha mwanga, uliosimamishwa na vijiti vya pezi. Mkia wa nyoka hauna utando wala vijiti, nao ni nyama na magamba mpaka ukingoni.

Pembe ya kamera huleta kosa la pili. Mzamiaji huwa juu ya mnyama na kamera inatazama chini. Kasia likitazamwa kutoka juu linaonekana kwa ukingo wake tu, yaani linakuwa uzi mwembamba wenye ncha. Hivyo nyoka halisi anaweza kutoka pichani akiwa na mkia uliochongoka, na mtu akaapa kuwa ni mkunga. Kabla hujauamini mkia, angalia kivuli chake mchangani na angalia kama mwili umejipinda. Mahali mwili ulipojilaza kidogo upande, upana wa kweli wa mkia hujitokeza.

Ngozi inasaidia pale ambapo picha ni kali. Nyoka ana magamba yaliyopangana safu kwa safu, na mara nyingi ukingo kati ya rangi mbili huwa na vijimeno kwa sababu unafuata kingo za magamba. Mkunga wa miamba na mkunga wa mchangani hawana magamba kabisa. Ngozi yao imepakwa ute, na kingo za rangi zao ni laini kama wino ulioingia kwenye karatasi yenye unyevu. Mkunga wa mtoni ana vigamba vidogo vilivyozama ndani ya ngozi, ambavyo picha haiwezi kuvionyesha. Anayetaka kulizoesha jicho lake anaweza kuwatazama nyoka walio kwenye vizimba vya makumbusho ya Kisumu, kisha aende ufukweni akamtazame kamongo. Kamongo ana magamba, lakini ute umeyafunika hata anang'aa kama hana. Na kwa wanaouliza kama ndiye aliye pichani: kamongo ni samaki wa maji baridi, na mapezi yake manne yamekuwa nyuzi ndefu zinazoning'inia, mbili mbele na mbili nyuma. Hakuna mkunga wala nyoka mwenye nyuzi hizo. Pia yeye hupanda kuvuta hewa kwa mapafu huku akiwa na matamvua, ndiyo maana "nilimwona akitoa kichwa kupumua" si hoja ya kutosha kumwita mnyama nyoka.

Ukishajua kwamba ni samaki, mapezi ndiyo yatakayokuambia ni mkunga gani. Tazama nyuma tu ya tundu la tamvua. Mkunga wa miamba hana mapezi ya ubavuni hata kidogo, shingo yake ni nyama tupu. Mkunga wa kawaida anayo, na yanaonekana waziwazi yakipepea. Yule wa baharini anayepatikana kwenye miamba ya Afrika Mashariki, Conger cinereus, mara nyingi ana baka jeusi juu ya pezi hilo na ukingo mweusi kwenye pezi refu la mgongoni. Yeye hutoka usiku, kwa hiyo picha yake huwa ya tochi. Mkunga wa mchangani anayo pia kwa aina nyingi, ila ni madogo mno, wakati mwingine yanalingana na ukucha tu.

Pezi la mgongoni hutazamwa kwa mahali linapoanzia. Kwa mikunga wengi wa miamba linaanza kichwani, mbele ya tundu la tamvua au karibu nalo, kisha linakwenda moja kwa moja hadi mkiani na kuzunguka chini. Kwa mkunga wa mtoni linaanza nyuma sana, mbali na mapezi ya ubavuni. Pezi hili linaweza kulazwa bapa mgongoni, na likilazwa linabaki mstari mwembamba tu. Kwa hiyo usiseme "hana pezi" mpaka uwe umefuata mgongo wote, hasa sehemu zilizojipinda, ambako utando hunyanyuka kidogo. Na ipo jamii ndogo ya mikunga wa miamba ambao pezi lao limebaki karibu na ncha ya mkia tu. Hao hawana pezi la ubavuni wala la mgongoni linaloonekana, na mtu anayetegemea mapezi peke yake atawaita nyoka bila kusita. Hao ndio wanaonifanya nisisitize kuanza na tundu la tamvua.

Sasa tuichukue ile picha inayoleta ubishi. Mnyama ni mweupe wa maziwa, amezungukwa na pete nyeusi zaidi ya ishirini kutoka kichwani hadi mkiani, ni mwembamba kama mpira wa kumwagilia maji, na anapita juu ya nyasi za baharini mchana, katika maji mafupi karibu na Kisite. Mpiga picha anasema alikuwa na urefu wa mita moja na nusu.

Urefu uwekwe kando kwanza. Kioo cha miwani ya maji humfanya mnyama aonekane mkubwa kwa takriban theluthi moja kuliko alivyo, kwa hiyo "mita moja na nusu" inakaribia mita moja na kitu. Hilo halimtambulishi yeyote, ila linaondoa hofu ya jitu.

Kuza kichwa. Chini ya ncha ya pua kuna vibomba viwili vifupi vinavyoelekea chini. Hizo ni pua za mkunga. Nyoka hana vibomba. Nyuma ya kichwa, pete ya pili imepita palepale tunapotarajia tundu, hivyo tundu halionekani hata baada ya kuongeza mwanga. Lakini mara tu nyuma yake kuna kitu cheupe kidogo kilichosimama kama kipande cha plastiki. Kikuze zaidi na utaona ni pezi la ubavuni. Hapo nyoka ameondoka kwenye orodha, na mkunga wa miamba ameondoka naye, maana wote wawili hawana pezi la mahali hapo.

Fuata mgongo. Kuna mstari mwembamba wa utando unaoanzia kichwani, na kwenye pindo la pili la mwili umenyanyuka kiasi cha kuonekana. Nenda mwisho wa mkia. Ncha ni ngumu, imechongoka, na utando wa pezi umekoma kabla ya kuifikia. Huo mkia uchi uliochongoka ndio muhuri wa wengi wa mikunga wa mchangani. Wanautumia kama msumari: wakitaka kujificha huingia mchangani kwa kutanguliza mkia, na pezi laini lingekuwa linachanika kila mara. Jina la kisayansi la huyu wa pichani, ukitaka kulinganisha na picha nyingine, ni Myrichthys colubrinus. Anapatikana kutoka Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki hadi katikati ya Pasifiki, hana sumu, na kazi yake ya mchana ni kunusa samaki wadogo waliojificha mchangani.

Pete zake zinafanana sana na za nyoka mmoja wa baharini wa Asia na Pasifiki, ambaye picha zake zimejaa mtandaoni. Mtu anaandika "nyoka wa baharini mwenye mistari", anaona picha hiyo, na anaridhika. Lakini yule nyoka mwenye pete haishi katika pwani yetu. Nyoka wa baharini anayefika Afrika Mashariki ni mmoja tu, Hydrophis platurus, naye hana pete mwilini. Mgongo wake ni mweusi, tumbo ni la manjano, rangi hizo zimegawanyika kwa mstari mrefu ubavuni, na mkia wake wa kasia una mabaka. Kwa kawaida ana urefu usiozidi mita moja hivi. Tena haishi kwenye matumbawe. Ni wa bahari kuu, huelea juu ya maji pale mikondo inapokusanya takataka na majani. Kwa hiyo picha ya mnyama mwenye pete, aliye chini mchangani, iliyopigwa Kenya, karibu kila mara ni ya mkunga wa mchangani. Mahali na tabia haviwezi kuchukua nafasi ya tundu na pezi, lakini vinakuambia uanzie wapi.

Kosa la upande wa pili ndilo lenye hatari. Huyo mweusi na manjano akitupwa ufukweni na mawimbi, hawezi kutambaa vizuri, kwa sababu tumbo lake halina magamba mapana ya kushika ardhi. Anajipindapinda tu kama samaki aliyetolewa majini. Mtu aliyezoea kuokota kamongo anaweza kumshika akidhani ni mkunga aliyekwama, na sumu yake ni kali. Mwenye tumbo la manjano na mkia wa kasia asiguswe, hata akionekana amekufa. Mkunga wa miamba hana haja ya kuogopwa kiasi hicho, ila naye asilishwe kwa mkono. Ana taya za pili kooni, jambo lililoelezwa na watafiti mwaka 2007, ambazo husogea mbele na kuvuta kilichoumwa kwenda ndani, na macho yake hayatofautishi vizuri kidole na kipande cha pweza.

Ikiwa picha imetoka mtoni badala ya baharini, orodha inafupika. Mikunga wa mtoni huzaliwa baharini na kupanda mito inayomwaga Bahari ya Hindi, kama Tana na Athi. Ziwa Victoria hutoa maji yake kwa Mto Naili kuelekea kaskazini, kwa hiyo halimo katika njia yao. Picha ya "mkunga wa Dunga" itazamwe upya kwa makini: tafuta nyuzi nne za kamongo, au safu ya miiba mifupi mgongoni ya samaki mwingine mwembamba wa ziwani ambaye ana sura ya mkunga lakini si wa ukoo wao.

Zipo picha ambazo hazitoi jibu. Kipande cha katikati ya mwili kati ya mawe mawili, bila kichwa wala mkia, kinaweza kuwa cha yeyote kati yao, na ni haki kuandika hivyo chini ya picha badala ya kubahatisha. Anayerudi majini siku ya pili na akamkuta mnyama palepale, ashuke hadi alingane naye, akae umbali wa mita moja na nusu au zaidi, na apige kutoka ubavuni. Fremu ya kwanza ianze puani na ifike nyuma ya kichwa kwa urefu wa kiganja. Fremu ya pili iwe ya theluthi ya mwisho ya mwili, ikiwa mnyama ameitoa nje.